Heisei 30 ni 2018 au 2019? Na hii 2562 ya Wathai je?

Mzigo_Kilindini (Mombasa, Oktoba 2025)
Wakuu, nina magari mawili mkononi na miaka yake inaniumiza kichwa. La kwanza ni gari dogo kutoka Japani, nililishinda mnadani Septemba. Cheti cha kuuza nje kinasema usajili wa kwanza ni 平成30年11月, yaani Heisei 30, mwezi wa 11. Tafsiri niliyotumiwa na muuzaji imeandika Novemba 2019. La pili ni pikapu aina ya Hilux kutoka Thailand, na kitabu chake cha usajili kina tarehe ya mwaka 2562. Nauliza kwa sababu meli ya Novemba ni ghali, nataka kusubiri ya Januari. Kati ya nyaraka hizi mbili, ipi ni rahisi kuiamini, na mnageuza vipi miaka yake?

Dogo_wa_Yadi
Rahisi hiyo, bro. Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unajumlisha tu: 1989 na 30 ni 2019. Tafsiri yako iko sawa. Ya Mthai unatoa 543, unapata 2019 pia. Gari zote mbili ni za 2019, subiri meli yako ya Januari kwa raha.

Nyaraka_za_Bandari
Mzigo, usisubiri chochote kabla hujasoma hapa. Dogo yuko sawa kwa Mthai, ila kwa Mjapani amekosea mwaka mmoja, na ndio kosa lile lile la aliyekutafsiria.

Wajapani hawaanzi kuhesabu enzi kutoka sifuri. Heisei ilianza tarehe 8 Januari 1989, na 1989 yenyewe ndiyo Heisei 1. Kwa hiyo unajumlisha 1988. Thelathini ukiongeza 1988 unapata 2018. Gari lako limesajiliwa Novemba 2018.

Na hapo ndipo shida yako ilipo. Kenya inapokea gari lenye miaka isiyozidi minane tangu usajili wa kwanza, na dirisha husogea kila tarehe 1 Januari. Gari la 2018 linaingia mwaka huu. Kuanzia 1 Januari 2026, usajili wa kwanza lazima uwe 2019 au baadaye. Hiyo bei nafuu ya meli ya Januari itakugharimu gari lenyewe.

Mzigo_Kilindini
Duh. Lakini wewe unasema 2018, karatasi yenye muhuri inasema 2019. Nikienda kubishana na muuzaji nitaonyesha nini zaidi ya hesabu ya mtandaoni?

Nyaraka_za_Bandari
Swali zuri. Una karatasi ya mnada? Angalia sehemu ya shaken, ule ukaguzi wa lazima wa Kijapani, uone unaisha lini.

Mzigo_Kilindini
Ninayo. Kwa mkono wameandika R7, halafu 11.

Nyaraka_za_Bandari
Basi umeshinda kesi. R ni Reiwa, enzi iliyofuata Heisei, nayo unajumlisha 2018, kwa hiyo R7 ni 2025, mwezi wa Novemba. Sasa fuata mtiririko. Gari dogo la kibinafsi likiwa jipya hupewa shaken ya miaka mitatu, halafu baada ya hapo miwili miwili. Anza na Novemba 2018: ya kwanza inaisha Novemba 2021, kisha 2023, kisha 2025. Inagonga palepale kwenye R7/11. Jaribu sasa kwa Novemba 2019: ingeisha 2022, 2024, halafu 2026, yaani R8. Haikubali kabisa.

Ujue hii si dawa ya kila gari. Likiwahi kufutwa usajili likakaa, au mwenyewe akachelewa kulipeleka kwenye ukaguzi, mfuatano unakatika. Lakini mwezi na mwaka vikilingana hivi, mimi silali na wasiwasi.

Dogo_wa_Yadi
Nimekubali, mkuu. Ila nauliza, kuna siku nimeona 平成31 na siku nyingine R1, na zote mbili jamaa aliziuza kama 2019. Alikuwa anadanganya?

Nyaraka_za_Bandari
Hapana, zote ni 2019. Heisei 31 iliishia tarehe 30 Aprili, Reiwa ikaanza kesho yake. Mwaka mmoja, majina mawili. Na cheti chenye Reiwa ya kwanza kinaweza kisiwe na tarakimu 1 kabisa, unakuta 令和元年. Hilo 元 ndilo mwaka wa kwanza. Nimeona mtu akiliruka, tafsiri yake ikatoka bila mwaka.

Mama_Swabra (Maskati)
Samahani wanangu, nami nina cheti cha ndoa cha 1440. Hapo natoa ngapi?

Nyaraka_za_Bandari
Shikamoo mama. Hiyo ni Hijria, na haina namba moja ya kutoa kwa sababu mwaka wake ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Mwaka 1440 ulianza Septemba 2018 ukaisha Agosti 2019, kwa hiyo bila mwezi huwezi kujua. Tuandikie mwezi.

Mawe_ya_Arusha
Nirudi kwa Mthai. Mimi huuza mawe Chanthaburi, na risiti zao ndizo zilizonifundisha adabu. Risiti inaandikwa 12/03/67. Mhasibu wangu aliiingiza kama 1967, mwaka ambao hata mimi sijazaliwa. Ni 2567, yaani 2024. Kwa hiyo kutoa 543 si kazi, kazi ni kujua kwamba unatazama mwaka wa Kibudha.

Na kwenye kitabu cha gari kuna mtego mwingine. Tarehe ya usajili iko kwa mwaka wa Kibudha, ila mstari wa toleo la gari umeandikwa รุ่นปี ค.ศ., na huo ni mwaka wa Miladi tayari. Ukurasa mmoja, kalenda mbili! Angalia herufi ya kwanza: พ.ศ. unatoa 543, ค.ศ. unaacha kama ulivyo.

Mzigo_Kilindini
Wallahi kweli. Usajili 2562, toleo 2018. Nilidhani wamekosea.

Dogo_wa_Yadi
Kwa hiyo hiyo pikapu ni ya 2018 au 2019?

Mawe_ya_Arusha
Imesajiliwa 2019, toleo 2018. Kwa Kenya wanaangalia usajili wa kwanza. Kwa Tanzania TRA wanauliza mwaka wa kutengenezwa, na toleo si lazima liwe sawa na kutengenezwa.

Nyaraka_za_Bandari
Sikubaliani sana na kuliamini hilo toleo. Mimi ningefuata namba ya chesisi. Na cheti cha Mjapani ndio kabisa, kinakupa usajili wa kwanza tu. Wengi huko Dar wanaujaza kama mwaka wa kutengenezwa, halafu wanabishana baadaye.

Ukiniuliza ipi naiamini zaidi, nasema ya Mjapani. Hesabu yake inasumbua, lakini shaken inakusaidia kujikagua. Ya Mthai hesabu yake ya mtoto, ila ukikosea kalenda hakuna cha kukushtua. Wenye magari mengi wafungue Excel, waweke herufi ya enzi kwenye safu A, namba kwenye safu B; S ni Showa, enzi iliyotangulia Heisei:

```
=IF(A2="R",B2+2018,IF(A2="H",B2+1988,IF(A2="S",B2+1925,"?")))
```

Hiyo "?" msiifute. Itawakamata pale aliyejaza ameandika 30 peke yake bila enzi.

Mzigo_Kilindini
Nimempigia muuzaji sasa hivi. Amekubali kurekebisha tafsiri, lakini nafasi kwenye meli ya Novemba anasema imebaki moja. Pikapu itasubiri, gari dogo linapanda.

Mama_Swabra
Mwezi ni Rajabu, mwanangu.

Nyaraka_za_Bandari
Machi 2019 mama, labda na siku chache za Aprili. Tarehe ngapi?