Tupeane uzoefu: lancha ya gemu inagoma kukuingiza

Kitunguu: Wakuu, naanza mimi. Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba. Kila umeme ukikatika usiku, asubuhi lancha inafungua dirisha jeupe tupu. Niliifuta na kuipakua upya mara tatu, bando likaisha. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa imerudi 2015! Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza, na kwa kompyuta yangu tarehe hiyo ilikuwa haijafika, kwa hiyo ukurasa ulikataliwa kimyakimya. Nikabadilisha betri ya ubao mama, CR2032, ile kama sarafu. Dirisha jeupe likaisha, ila sasa naweka nywila, inakubali, halafu inanirudisha palepale kwenye nywila.

Bwana Koleo: Futa kache tu mkuu. Yangu ilipona hivyo.

Kitunguu: Nimefuta. Bado.

Fundi Sele: Saa uliirekebisha kwa mkono?

Kitunguu: Ndiyo. Inasoma 21:00, sawa na simu.

Fundi Sele: Angalia Time zone.

Kitunguu: (UTC-08:00) Pacific Time. Duh.

Fundi Sele: Ndiyo hiyo. Macho yako yanaona saa tatu usiku, lakini lancha inahesabu kwa UTC. Kwa kanda hiyo, 21:00 yako ni 05:00 UTC ya kesho, wakati UTC ya kweli ni 18:00. Umetangulia saa 11. Cheti kinadumu miezi, hakijali saa 11, ndiyo maana ukurasa sasa unafunguka. Kibali unachopewa ukishaingia huwa kifupi, pengine saa moja tu, kwa hiyo lancha inakiona kimekufa kabla hakijatumika. Weka (UTC+03:00) Nairobi kwanza, kisha bonyeza Sync now.

Kitunguu: Imeingia!! Betri nilinunua bure?

Fundi Sele: Hapana, bila hiyo ungerudi 2015 umeme ukikatika tena.

Mama Zuu: Ya mwanangu saa iko sawa, kanda sawa, lakini nyeupe. Kivinjari nacho hakifungui kitu. Ilianza alipofuta VPN ya bure.

Fundi Sele: Dada, nenda Settings, Network & Internet, Proxy. Kama Use a proxy server imewashwa na anwani ni 127.0.0.1, izime. VPN imeondoka, ila maombi bado yanapelekwa mlangoni pake, na hakuna mtu ndani.

Mama Zuu: Ilikuwa imewashwa kweli. Asante, kelele zimerudi nyumbani.

Chalii wa Ngarenaro: Simu yangu nayo inaniambia nywila si sahihi.

Bwana Koleo: Hiyo umesahau nywila, kijana.

Nahodha: Mimi kivinjari kinafungua vizuri, saa sawa, proksi imezimwa, lancha peke yake nyeupe.

Fundi Sele: Lancha nyingine huonyesha ukurasa wa kuingilia kwa Microsoft Edge WebView2 Runtime. Itafute kwenye orodha ya programu, bonyeza Modify, halafu Repair.

Nahodha: Nimefanya. Sasa inaonyesha ukurasa sekunde moja, kisha nyeupe tena.

Fundi Sele: Hapo nashuku kadi ya picha. Una madereva ya mwaka gani?

Nahodha: Nikifika nyumbani naangalia.