Elfu sita yangu imeliwa na "uchambuzi" wa Takadini, na binti kapata 4 kwenye 15

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Binti wa marehemu dada yangu naishi naye, yuko kidato cha nne. Mwezi wa tano alikuja na orodha ya vitabu vya fasihi, nikapanda mjini hadi Makoroboi. Kijana wa kwenye meza akaniambia, "Mzee, usihangaike na riwaya zenyewe, chukua uchambuzi, humu mna riwaya zote tatu, hoja zimeshachambuliwa." Elfu sita. Nikaona nimeokoa pesa. Riwaya hatukununua hata moja.

Juzi matokeo ya mtihani wa utamilifu yametoka. Swali lilikuwa hivi: waandishi wa riwaya wamemchora mwanamke kama mtu jasiri, thibitisha kwa hoja tatu kutoka kila riwaya, riwaya mbili. Kaandika kurasa tatu, kapata 4.

Hoja yake ya kwanza ya riwaya ya Takadini nainukuu: "Sekai ni jasiri kwa sababu alipinga waganga wa kienyeji waliotaka kumuua mtoto wake albino ili wapate viungo vya utajiri." Mwalimu kachora mstari mwekundu na kuandika "kitabu gani hiki?" Nikafungua ule uchambuzi, nikaikuta sentensi ileile, neno kwa neno, ukurasa wa 11. Mtoto hakubuni. Alikariri.

Hawa watu wanatunga vitu wanauzia watoto wetu? Nani anawakagua?

Sangara Mkavu: Mzee pole, ila hata wewe umechangia. Unanunuaje mchuzi unaacha samaki?

Mwanafasihi wa Igoma: Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na hiyo sentensi naifahamu, nimeisahihisha kwenye karatasi za watoto zaidi ya mara moja. Aliyeandika uchambuzi huo hakusoma Takadini. Amechukua habari za huku kwetu Kanda ya Ziwa, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, akazibandika juu ya kitabu.

Riwaya ya Ben Hanson iko kwa Washona, Zimbabwe ya zamani, kabla ya wakoloni. Hakuna anayetafuta kiungo cha mtu ili apate utajiri. Sekai, mke wa Makwati, amekaa miaka bila mtoto, kisha anajifungua Takadini, mtoto mwenye ualbino, ambaye wao wanamwita musope. Mila yao inamhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa balaa kwa kijiji kizima, na inataka aondolewe. Tishio linatoka nyumbani kwa watu wake mwenyewe, tena kwa jina la mila. Sasa sikia uchungu wa hiyo hoja ya ukurasa wa 11: Sekai akitoroka na mwanawe na kufika kijiji kingine, anayempokea ni Chivero, naye ni mganga. Huyohuyo ndiye anayemfundisha Takadini kupiga mbira, ala yao ya muziki. Kwa hiyo binti ameandika kwamba waganga ndio adui, wakati ndani ya kitabu mganga ndiye mlezi. Msahihishaji akiona hivyo anajua papo hapo kitabu hakikufunguliwa.

Mwaloni Dagaa (mleta uzi): Mwalimu, hapo umenigusa. Huyo Chivero kwenye uchambuzi hayumo kabisa!

Kijana wa Nyegezi: Mimi nilimaliza juzi tu, nilipata B ya Kiswahili bila kusoma riwaya nzima. Siri ni nukuu. Kariri nukuu tano na namba za kurasa, bandika popote, msahihishaji anaona umesoma.

Mwanafasihi wa Igoma: Kijana, nusu umesema kweli. Kinachohesabiwa ni ushahidi kutoka kitabuni, hapo tuko pamoja. Ila sijawahi kuona mtu akipewa maksi kwa namba ya ukurasa, na nukuu isiyojibu swali ni mapambo tu. Ushahidi ni nani, alifanya nini, dhidi ya nini, na nini kikafuata.

Mzee, hoja ya binti yako ingeandikwa hivi: "Sekai ni jasiri kwa kuwa anakataa mila inayotaka mwanawe auawe. Baada ya kujifungua mtoto anayeitwa musope, anaacha ndoa yake na kijiji chake, anatoroka naye hadi kijiji cha ugenini bila kujua kama atapokelewa. Kutokana na ujasiri huo Takadini anaishi, anakua na kujifunza kupiga mbira." Mistari minne. Kuhusu mauaji ya kanda yetu, ayaweke mwishoni mwa hoja kama anaulizwa uhalisia wa kazi kwa jamii ya leo. Hapo yanafaa sana. Kwenye hoja yenyewe yanaiua.

Mama Wawili Buhongwa: Samahani, mbona wangu anasoma Takadini kwenye somo la Kiingereza? Ni kitabu kingine? Nimemnunulia uchambuzi wa Kiingereza anautumia kote kote.

Mwanafasihi wa Igoma: Kisa ni kilekile mama, kimesomwa kwenye masomo yote mawili. Lakini asitafsiri hoja za Kiingereza kuzipeleka kwenye Kiswahili. Huku ataulizwa pia matumizi ya lugha, methali na tamathali zilizomo kwenye toleo la Kiswahili, na hizo uchambuzi wa Kiingereza hauna.

Mwaloni Dagaa: Sasa ninunue kipi? Maana sitaki kuliwa tena.

Mwanafasihi wa Igoma: Kwanza riwaya yenyewe, hata ya mtumba. Pili, kitu cha bure ambacho wazazi wengi hawakijui: Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yao taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na kijitabu chake, na cha Kiswahili kimeandikwa kwa Kiswahili. Kinaeleza swali lilitaka nini na waliokosa walikosea wapi, kisha kinaonesha sampuli za majibu mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Akisoma sampuli mbaya atajiona mwenyewe. Ila taarifa hiyo haisimulii kitabu, asiyesoma riwaya haitamsaidia. Mtaalamu wa fasihi Wamitila ana kitabu kiitwacho Kichocheo cha Fasihi, kizuri kwa kuelewa mhusika na mandhari ni nini, lakini kwa miezi iliyobaki ningekiacha kwa mwalimu wake.

Sangara Mkavu: Yaani vichambuzi vyote vichomwe?

Mwanafasihi wa Igoma: Hapana. Vipo vilivyoandikwa na walimu waliosoma. Kipime hapo hapo mezani kabla hujatoa hela: fungua Takadini, tafuta Chivero na Shingai. Kama dhamira zimeorodheshwa, "mapenzi, ukombozi, imani potofu", bila jina wala tukio chini yake, kirudishe.

Kijana wa Nyegezi: Huyo Shingai anaingia kwenye ujasiri? Anampenda Takadini wakati ameshaahidiwa mtu mwingine. Mwalimu wetu alisema huo ni utovu wa adabu.

Mwanafasihi wa Igoma: Mimi namweka. Anachagua mtu ambaye jamii imemkataa, na gharama anaijua. Mwalimu wako akitetea upande wake kwa matukio, simpingi.

Mama Wawili Buhongwa: Mimi nipo na mwalimu wa kijana.

Mwaloni Dagaa: Nimepata riwaya kwa jirani wa Mabatini, jalada limechanika ila kurasa zimo zote. Binti yuko sura ya pili, na ameshaniuliza kwa nini Makwati hakumfuata mkewe. Sina jibu. Ule uchambuzi jumatatu naurudisha kwa yule kijana, na akikataa elfu sita yangu nitaufungia dagaa.