Tupeane uzoefu: vituo vya mazoezi kwa darasa la watu 48, mikono inachoka kabla ya mwili

Koni_Nane
Wakuu, nileteeni maarifa. Darasa lina wanafunzi 48, kipindi dakika 40, uwanja unatosha. Vituo ni 8, watu 6 kila kituo, wote wanafanya kwa pamoja sekunde 30, kisha sekunde 30 za kuhama na kupumzika. Mizunguko 2, katikati dakika 2 za kupumzika. Vituo viko hivi:

1 pushapu, 2 planki, 3 skwati, 4 skwati ya kuruka, 5 bapii, 6 sitapu, 7 kupanda mlima (mikono chini, magoti yanakimbia), 8 dipsi kwenye benchi.

Kinachonitatiza ni kwamba kundi lililoanzia kituo cha 3 linaishia kulala chini, mikono inatetemeka. Lililoanzia cha 1 linamaliza vizuri tu na kusema ni rahisi. Wote ni wa umri mmoja na makundi yamechanganywa. Nipunguze muda wa kazi?

Mzee wa Mzunguko
Usiguse muda kwanza. Tatizo liko kwenye mpangilio, na umelitaja mwenyewe bila kujua: kundi moja linalia, jingine linacheka. Muda ungekuwa mrefu mno, wangelia wote.

Umeandika vituo kama orodha, kinaanza cha 1 kinaisha cha 8. Lakini darasa halifuati orodha, linafuata duara. Makundi 8 yanaanza sehemu 8 tofauti, na baada ya cha 8 kinakuja cha 1. Sasa soma kuanzia cha 7: kupanda mlima, dipsi, pushapu, planki. Vyote vinne uzito uko kwenye viganja, viwiko na mabega. Kundi la kituo cha 1 linavikuta viwili mwanzoni likiwa fresh na viwili mwishoni, na mapumziko yako ya dakika 2 yanaangukia katikati ya mfululizo huo. Hao wana bahati. Kundi la kituo cha 3 linamaliza miguu kwanza (3, 4 na 5 vyote ni miguu), kisha linaingia vinne vya mikono mfululizo bila kupona. Na bapii nayo inaweka mikono chini, kwa hiyo hawakuwa wazima hata kabla ya cha 7.

Makosa ni kupanga kwa majina. Planki unaiandika "tumbo", kupanda mlima "pumzi", unadhani umechanganya. Mimi huweka safu mbili kwenye karatasi: zoezi linalenga nini, na uzito wa mwili unakaa wapi. Safu ya pili ndiyo inayokamata makosa. Majirani wawili wasifanane kwenye safu yoyote, na kituo cha mwisho ni jirani wa cha kwanza.

Mama Filimbi
Mzee kamaliza la mpangilio. Naongeza la mapumziko, maana hapo kuna chenga.

Watu 6 wakifanya kwa pamoja unahitaji vifaa 6 kila kituo, na wewe unatazama watu 48 wanaohangaika kwa wakati mmoja. Huwezi kuona mgongo wa mtu ulioinama vibaya. Wagawe wawili wawili, A na B. A anafanya sekunde 30, B anahesabu na kumwangalia. Filimbi, B anafanya sekunde 30. Filimbi, wote wanahama sekunde 15. Kituo kimoja ni sekunde 75, mara 8 ni dakika 10 kamili. Mizunguko 2 ni dakika 20, ongeza 2 za katikati, jumla 22. Zinabaki 18: kupasha mwili joto 7, kuelekeza vituo 4, kupoza mwili 4, na 3 za kuitana na kuondoka.

Kila mmoja anapumzika sekunde 45 kati ya kazi na kazi: 30 za mwenzake na 15 za kuhama. Na vifaa vinakuwa vitatu tu kila kituo.

Chipukizi_wa_Gimu
Wazo zuri, ila kwa haki wabadilishane nani anaanza. Kituo hiki A kwanza, kinachofuata B kwanza. La sivyo A kila siku ndiye wa kwanza.

Mama Filimbi
Mwanangu, haki unayoitafuta hapo ndiyo inaleta dhuluma. Hesabu. B kamaliza wa pili kituo hiki, mnahama sekunde 15, halafu anaanza tena. Kapumzika sekunde 15 tu. A naye kakaa 30 za B, 15 za kuhama, na 30 nyingine za B: sekunde 75. Kituo kinachofuata wanageuziana. Sasa kila mtu anapata kupumzika kupita kiasi na kupumzika kidogo mno kwa zamu, na wewe huwezi kujua aliyechoka kachoka kwa nini. Badilisheni mzunguko wa pili unapoanza, pale kwenye dakika 2. Haki imepatikana na sekunde 45 ziko palepale.

Chipukizi_wa_Gimu
Nimeelewa, shikamoo mama 😅

Bondia_Mstaafu
Mnazunguka sana. Wekeni sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, mara 8, dakika 4 kwisha. Ukali ndio unaojenga.

Mzee wa Mzunguko
Hiyo ni ya mtu aliyesimama sehemu moja na zoezi moja, mkuu. Watu 48 hawawezi kuweka kamba chini, kutembea mita 6 na kushika mkanda wa mpira ndani ya sekunde 10. Wa nyuma wanafika filimbi imeshalia, wanafanya sekunde 12, na wanaruka bila kujipanga kwa sababu ya haraka. Hapo ndipo vifundo vinapopinda.

Wengine husema tuhesabu marudio badala ya muda. Morgan na Adamson walipobuni mtindo huu Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1953 ndivyo walivyofanya: kila mtu anapimwa uwezo wake wa juu, anapewa nusu ya idadi hiyo, anazunguka mara tatu akishindana na saa yake. Ni mzuri sana kwa wachache. Kwa 48 mwenye nguvu anamaliza mapema, anakwenda kituo cha mbele, anakuta foleni. Muda ndio unaolihamisha darasa kwa pamoja. Tofauti ya uwezo unaimaliza kwa kadi ya kituo yenye ngazi tatu: pushapu ya ukutani, ya magotini, ya kawaida. Mtu achague ngazi atakayoifanya sekunde 30 zote bila kusimama.

Koni_Nane
Nimepanga upya. 1 skwati, 2 pushapu, 3 kukimbia koni hadi koni mita 10, 4 sitapu, 5 kupanda na kushuka benchi, 6 kuvuta mkanda wa mpira ukiwa umekaa, 7 kuruka kamba, 8 kulala kifudifudi na kuinua kifua. Kisha tena skwati. Bapii, planki, dipsi na kupanda mlima nimevitoa.

Mzee wa Mzunguko
Sasa umepanga. Mikono iko chini kituo kimoja tu, na umeingiza kuvuta, kitu ambacho mpango wa kwanza haukuwa nacho kabisa. Vituo visivyo na vifaa hujaa kusukuma kwa sababu sakafu inasukumwa ila haivutwi. Mkanda uzungushwe nyayoni, miguu ikunjwe kidogo, na kabla ya kipindi uvutwe wote ukitafuta ufa. Mkanda wenye ufa hukatikia usoni.

Dada Mkeka
Kwangu ni watu wazima 14, wawili magoti mabovu. Niwatoe kwenye vituo vya miguu au niwape mzunguko wao pembeni?

Mama Filimbi
Wasitoke, dada. Ukiwatoa unavunja jozi na mwenzake anabaki bila mhesabu. Kituo kibaki, zoezi libadilike: badala ya skwati wainuke na kukaa kwenye kiti kirefu, badala ya kamba watembee papo hapo wakizungusha mikono. Kama kuna maumivu makali au uvimbe, hilo ni la daktari kwanza. Na kwa 14 usiweke vituo 8: weka 7, jozi moja kila kituo.

Koni_Nane
Wakija 52 je? Au 47?

Mama Filimbi
52 ni makundi manne ya 6 na manne ya 7. Kundi la 7 lina jozi mbili na watatu. Wa tatu afanye pamoja na A. Msiwape zamu tatu, zitavunja saa ya darasa zima. Kwa hiyo vituo vya kamba, mkanda na benchi viwe na nafasi ya nne tayari. Kwa 47 ni hivyohivyo, kundi moja linabaki na 5: jozi moja na watatu.

Na ya kuhama: mtu asiondoke na kifaa. Chora duara la chaki, kamba irudi ndani yake. Mbio za koni ziwe ukingoni, zisikatize njia ya wanaohama.

Chipukizi_wa_Gimu
Tutajuaje kama sekunde 30 ni nyingi?

Mzee wa Mzunguko
Ndiyo maana mwenzako anahesabu. Linganisha mzunguko wa kwanza na wa pili. Mtu aliyefanya skwati 20 akarudi na 18, yuko sawa. Akirudi na 12, kuna jambo. Idadi ikianguka vituo vyote, kazi ni ndefu au mapumziko mafupi: shusha kazi iwe 25 na uongeze kuhama kuwe 20, jumla inakuwa sekunde 70 kwa kituo. Ikianguka kituo kimoja tu, angalia jirani yake wa nyuma kabla hujaigusa saa.

Bondia_Mstaafu
Haya, nakubali kuhusu sekunde 10. Lakini tazameni tena mpango mpya: 1, 3, 5, 7. Vyote miguu! Nusu ya kazi.

Mzee wa Mzunguko
Umeona vyema. Haviko jirani, kwa hiyo mguu unapata kituo kizima cha kupumzika katikati. Lakini ni kweli, kamba baada ya benchi inauma vigimbi. Tatizo ni kwamba mazoezi ya pumzi yasiyotumia miguu ni machache, na mpira mzito wa kurusha ukutani wengi hawana.

Mama Filimbi
Mimi ningetoa mbio, niweke ngumi za hewani sekunde 30. Pumzi inapanda, miguu inapumzika.

Mzee wa Mzunguko
Ngumi mara baada ya pushapu? Mabega yaleyale.

Mama Filimbi
Basi ziende namba 7, kamba ije 3.

Bondia_Mstaafu
Ngumi za hewani baada ya kuvuta mkanda, mama, mabega bado yamo kazini.

Koni_Nane
Nitajaribu mipango yote miwili wiki hii, mmoja kila kipindi, A na B wakiandika idadi. Nitaleta karatasi hapa.