Kianzio cha wigi ya oda: nusu ya bei au gharama yote ya vifaa?

Mshonaji wa Kirumba
Habari zenu. Mwezi uliopita mteja aliagiza wigi ya shilingi 450,000, nikapokea nusu, yaani 225,000. Nywele mafungu matatu zilinigharimu 240,000, lesi ya mbele 90,000, kofia na uzi 10,000. Mteja hakurudi, na sasa shilingi 115,000 zangu zimekwama kwenye wigi ya rangi ya damu ya mzee, iliyoshonwa kwa kichwa cha inchi 24, ambayo kila anayeijaribu inampwaya. Je, niendelee na nusu au nidai gharama yote ya vifaa?

Fundi Nyegezi
Nusu inatosha, mradi uandike kwenye risiti kwamba kianzio hakirudishwi. Mimi ndivyo ninavyofanya na sijapata hasara.

Bibi Lesi, Makoroboi
Mdogo wangu wa Nyegezi, risiti hiyo inalinda zile 225,000 tu, nazo mwenzetu anazo tayari. Nusu inafaa mteja anapoleta nywele zake, au wigi inapobaki nyeusi na ya kipimo cha kawaida, kwa kuwa unaweza kumuuzia mwingine. Nywele zikishatiwa rangi, hakuna duka litakalozipokea. Kwa oda kama ile ningechukua 340,000 kabla ya kuagiza, na 110,000 za ufundi siku ya kukabidhi.

Suala la siku nalo liangaliwe. Mashine hushona kofia kwa siku moja, lakini kupausha mafundo ya lesi hakutaki haraka. Aliyeahidi siku tatu huchanganya dawa kali ili amalize upesi, na mafundo huungua. Utaligundua hilo ukipitisha kitana taratibu, nywele zikatoka kwenye lesi ilhali zilizoshonwa kwa mashine hazitoki. Mimi huahidi siku saba za kazi, zikihesabiwa tangu mzigo kutoka Kariakoo unifikie mkononi, wala si tangu mteja alipopiga simu.

Dada wa Nansio
Mimi ni mteja. Nimevuka na kivuko mara mbili kuja Mwanza kufuata wigi niliyoambiwa iko tayari, kumbe ilikuwa bado haina lesi. Kutoa robo tatu ya bei kwa mtu nisiyemfahamu ni kugumu kwangu. Angalau nitumiwe picha ya nywele siku zinapofika, pamoja na tarehe mpya.

Mshonaji wa Kirumba
Picha nitatuma, dada, na pole kwa safari hizo. Bibi, mzigo ukichelewa Dar es Salaam, mteja akadai fedha zake, unamrudishia?

Bibi Lesi, Makoroboi
Narudisha zote, ikiwa siku tuliyoandikiana imepita na sijatia mkasi.

Fundi Nyegezi
Hapo sikubaliani nawe. Msambazaji ameshalipwa; hizo za kumrudishia mteja zitatoka wapi?