Mrejesho: jina la duka la keki ambalo nitaliuza baadaye

Niliuliza: "Nafungua duka la keki Morogoro, nataka kuliita Mama Sele Keki, ila mbeleni nitaliuza. Jina litanishushia bei?"

Wakuu nimerudi. Nimeongea na dada mmoja aliyenunua saluni yenye jina la mwenyewe, anasema wateja walikuwa wanaingia wanauliza mwenyewe yuko wapi, wakisikia kauza wengine hawarudi. Hilo alilihofia tangu mwanzo, ndo maana kabla ya kulipa alitaka muuzaji abaki miezi kadhaa awatambulishe wateja, na sehemu ya hela akaishikilia mpaka hiyo miezi iishe. Yaani bei ipo ila haiji yote mkononi.

Halafu kuna hili ambalo sikuliwaza kabisa, ukiuza jina lako unaweza usiruhusiwe kulitumia tena kwenye biashara ya aina hiyohiyo. Jo Malone wa manukato ya Uingereza aliiuza kampuni yake yenye jina lake kwa kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder mwaka 1999, akaondoka 2006, na aliporudi sokoni 2011 ikabidi aanze na jina jingine, Jo Loves. Sasa mimi mitaani kote naitwa Mama Sele, nikiuza ntaitwaje jamani 😂

Nimechukua Kasuku Keki. Brela nasajili jina la biashara, na alama ya biashara pia daraja la 30 ambalo ndo lenye keki, maana kusajili jina la biashara peke yake hakukupi umiliki wa jina. Namba ya kwenye maboksi na peji ya Insta ni za duka, siyo zangu. Sura yangu nayo naitoa kwenye bango.