Butiloda niliyokompaili mwenyewe inakataliwa, hii Secure Boot inakagua nini hasa?

Mchoma_Korosho
Wakuu habari za jioni, nipo Mtwara, Shangani. Laptopu yangu ina Windows na Ubuntu, zilikuwa zinakaa pamoja bila shida, sasa nimekompaili GRUB toleo jipya nikaiweka juu ya ile grubx64.efi iliyokuwepo, nikiwasha inaleta hii:

```
Verification failed: (0x1A) Security Violation
```

Windows nikiichagua kwenye menyu ya feimwea inawaka fresh. Kwani faili langu lina virusi au?

Kaka_wa_Masasi
Hiyo kitu inazuia Linux makusudi mkuu. Izime tu maisha yaendelee.

Fundi_Ligula
@Kaka_wa_Masasi ingekuwa inazuia Linux si Ubuntu yake isingewaka tangu mwanzo?

Mkuu, virusi haitafuti. Feimwea inachukua faili la kwanza, shimx64.efi, inalipigia hesabu ya SHA-256 na kulinganisha na ile iliyofungwa ndani ya saini, halafu inaangalia aliyesaini yumo kwenye orodha ya db na faili halijapigwa marufuku kwenye dbx. Shim imesainiwa na Microsoft, ikapita. Huo ujumbe unaouona ni wa shim yenyewe, kwahiyo geti la kwanza umevuka, umekwama la pili. Shim ya Ubuntu imebeba ufunguo wa Canonical, ikaitazama GRUB yako ikakuta haina saini yoyote. Kodi yako inaweza kuwa safi kabisa, yenyewe haina namna ya kujua, inauliza tu nani kaidhinisha na je kuna hata baiti imeguswa. Ikiruhusu isiyo na saini, basi mwizi naye anaweka butiloda yake inayodaka password kabla Windows haijaamka na antivirusi haioni kitu.

Kurudisha, zima Secure Boot kwa muda, ingia Ubuntu, piga:

```
sudo apt install --reinstall shim-signed grub-efi-amd64-signed
sudo grub-install --uefi-secure-boot
```

Halafu iwashe tena.

Binti_Nachingwea
Mimi waifai yangu haishiki Secure Boot ikiwa on, ndo tatizo hilohilo?

Fundi_Ligula
Hapana dada, yako inafika hadi kerneli, ila draiva haina saini. Fungua uzi wako tutaona.

Mama_Daftari_Lindi
Kabla hujazima angalia kama Windows ina BitLocker, ukizima tu inaweza kudai rikava kii ya tarakimu 48, na kama hujaitunza hiyo Windows utaiona kwa mbali.

Mchoma_Korosho
Asanteni, imewaka na GRUB ya Ubuntu. Ila ile yangu bado naitaka, nimeisaini kwa sbsign, ufunguo nikauingiza kwa `mokutil --import` nikaukubali kwenye ile skrini ya bluu, bado inagoma.

Fundi_Ligula
Uliitengeneza ikiwa na sehemu ya .sbat, ile yenye namba za kizazi ambazo shim inazitumia kukataa matoleo ya zamani yenye mashimo ya usalama? Shim za siku hizi saini peke yake haizitoshi. Lete hii:

```
objdump -h grubx64.efi | grep sbat
```

Mchoma_Korosho
Haitoi kitu mkuu, kimya.