Tupeane uzoefu: hadithi ikirudi nyuma, mtazamaji anajuaje yuko lini na wapi?

MkasiButu
Wadau, filamu yangu fupi ya dakika 18 imenitoa jasho. Mwanamke anarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake kufungasha vitu, na kila chumba anachoingia kinamrudisha miaka 15 nyuma. Niliwaonyesha watu sita, wanne wakadhani yule binti wa zamani ni mtoto wake. Mmoja aliniuliza, "Si tuliambiwa mama alikufa, mbona anapika?" Waliowahi kutumia mbinu rejeshi, nyie ilikuwaje? Nataka yaliyowakuta, nadharia ninazo.

JichoLaKamera
Mbona rahisi. Zamani yote iweke nyeusi na nyeupe, umemaliza. Mimi nilifanya hivyo na hakuna aliyeuliza.

MkasiButu
Nilijaribu mkuu. Sini zangu tatu ni za usiku, mwanga wenyewe wa taa moja. Rangi ilikuwa kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo kuitoa hakukubadilisha kitu.

Utulivu77
Mimi kumbukumbu zangu za nyuma hunijia ghafla tangu ile ajali, hata nikiwa kazini. Ndizo mnazozungumzia?

MamaMontaji
Pole sana Utulivu77. Hapa ni habari za filamu, lakini hilo lako usikae nalo peke yako, mwone mshauri.

Mkasi, nimekaa chumba cha uhariri muda mrefu na nilichojifunza ni kwamba watu hawapotei sana wakati wa kuingia zamani. Kuingia huwa tunakupamba: mhusika anatulia, anatazama kitu, muziki unabadilika. Kurudi ndiko tunakokata kienyeji tu, mtazamaji anabaki zamani sini nzima bila kujijua.

Niliwahi kuhariri hadithi ya mzee anayekumbuka siku aliyomfukuza mwanawe. Meza ileile, kiti kilekile, mwigizaji yuleyule kapakwa mvi. Watu walichanganyikiwa vibaya. Bahati nzuri tulikuwa na siku moja ya kupiga upya, basi mzee wa leo tukamfunga bandeji mkono wa kushoto. Kila tukirudi, shoti ya kwanza ni ule mkono juu ya meza, sekunde mbili, ndipo anasema neno. Kuingia zamani, birika linapiga mluzi jikoni. Kurudi, mluzi uleule umefifia kwa sababu maji yamekaribia kuisha. Mtazamaji anajua karudi palepale, na anajua mzee kakaa kwenye mawazo muda gani.

Ila sauti nayo ina mtego. Sehemu nyingine nilitanguliza sauti ya zamani sekunde moja kabla picha haijabadilika, nayo ilikuwa hodi mlangoni. Wote wakadhani kuna mgeni wa sasa. Sauti inayotangulia iwe ambayo haiwezi kutoka chumba cha leo.

Kwako naona kosa bila hata kuiangalia: bila shaka kila ukibadilisha wakati unaanza na uso kwa karibu. Uso hausemi ni lini. Nyumba ya leo imefungashwa, si ndiyo? Anza na ukuta. Zamani kuna fremu ya picha, leo kuna alama tu pale fremu ilipokuwa.

MkasiButu
Mama umenichungulia dirishani! Zote saba zinaanza na uso.

JichoLaKamera
Si aandike tu "Miaka 15 iliyopita" chini ya skrini?

MamaMontaji
Mara ya kwanza sawa. Ya pili ukiandika "Miaka 3 baadaye", baadaye ya lini? Ya mazishi au ya ile kumbukumbu?

WinoMzito
Mimi ni wa riwaya, sina kamera, lakini kitenzi kinanisaidia. Naingia hivi: "Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika barua." Nikishatia "alikuwa ame-" mara mbili naiacha, naendelea: "Akaifungua, akasoma." Zamani nilikuwa naibeba ukurasa mzima, mhariri akaniambia inachosha kama kupanda ngazi. Kurudi natumia kitu kilekile: "Sasa ile barua ilikuwa majivu."

MkasiButu
Mrejesho. Nimehariri upya, kila badiliko linaanza na ukuta au sakafu. Watu watano wapya. Nilisimamisha video sekunde tatu baada ya kila badiliko nikawauliza tuko lini, tuko wapi. Vyumba vingine vyote walipatia. Jikoni watatu walikosea, maana ukuta wa jikoni haukuwahi kuwa na picha na sufuria zilikuwa hazijafungashwa.

JichoLaKamera
Hiyo ya jikoni nyeusi na nyeupe ingekuokoa.

MamaMontaji
Au uitoe kabisa. Mama akipika inatuambia nini ambacho chumba cha kulala hakijasema?

MkasiButu
Hapo ndipo tunapogombana na mwandishi wangu. Anasema bila jikoni hakuna filamu.